Ulipandisha kwa Asilimia 30, Usishushe kwa Asilimia 30

Mwenye duka la nguo Morogoro amenunua doti 200 za khanga Kariakoo. Akijumlisha bei ya jumla, nauli yake, ujira wa mchukuzi na gharama ya kusafirisha mzigo, kila doti imemfikia dukani kwa shilingi 10,000. Anaongeza asilimia 30 na kuiuza kwa shilingi 13,000. Miezi inapita, doti 60 zimebaki, michoro yake haiulizwi tena, naye anahitaji fedha ya mzigo mpya. Anaamua kuzitoa kwa bei ileile zilizomfikia, asipate faida wala hasara. Kwa kuwa alipandisha kwa asilimia 30, anabandika karatasi mlangoni: punguzo la asilimia 30.

Asilimia 30 ya 13,000 ni 3,900. Doti sasa inauzwa kwa shilingi 9,100, na kila mteja anayetoka na doti moja anaondoka na shilingi 900 za mtaji wa duka. Doti 60 zikiisha, shilingi 54,000 zimepotea. Mwenye duka hataziona zikipotea, kwa sababu kichwani mwake ile 30 ya kupanda na ile 30 ya kushuka zimeshafutana.

Hazikufutana kwa kuwa hazikuwa kiasi kimoja cha fedha. Ya kwanza ilikuwa asilimia 30 ya shilingi 10,000, yaani 3,000. Ya pili ilikuwa asilimia 30 ya shilingi 13,000. Tazama tofauti yake inakotoka: punguzo halikukata ile 10,000 ya awali tu, limekata na zile 3,000 zilizokuwa zimeongezwa. Asilimia 30 ya 10,000 ni 3,000, na asilimia 30 ya 3,000 ni 900. Hizo 900 ndizo hasara yote, hakuna nyingine. Ndiyo maana kila mara kupanda na kushuka kwa asilimia zinazolingana kunakuacha chini ya pale ulipoanzia, na upungufu wake ni ile asilimia ikipigwa kwa yenyewe: asilimia 30 ya asilimia 30, ambayo ni asilimia 9.

Kwa hiyo kabla ya kushika kikokotoo, jibu kwanza swali moja: asilimia ya nini? Mabadiliko ya asilimia hupimwa kwa kiasi kilichokuwepo kabla ya badiliko. Unachukua kiasi kipya, unatoa kiasi cha zamani, unagawanya tofauti kwa kiasi cha zamani, kisha unazidisha kwa 100. Bei ikitoka 10,000 kwenda 13,000, tofauti ni 3,000, igawanye kwa 10,000, unapata ongezeko la asilimia 30. Ikirudi kutoka 13,000 hadi 10,000, tofauti ni zilezile 3,000, lakini sasa kiasi cha zamani ni 13,000. Ukigawanya unapata 0.2308, yaani upungufu wa asilimia 23 na kidogo. Fedha ni zilezile, njia ni ileile, ila ukienda ni 30 na ukirudi ni 23.

Karatasi ya mlangoni ilipaswa kusema asilimia 23. Jaribu: asilimia 23 ya 13,000 ni 2,990, na bei inabaki 10,010.

Njia inayonirahisishia mimi hesabu hizi, na ambayo namshauri kila mfanyabiashara, ni kuacha kujumlisha na kutoa asilimia, na badala yake kuzidisha. Kuongeza asilimia 30 ni kuzidisha kwa 1.30, kwa sababu unabaki na kitu kizima pamoja na sehemu 30 za mia. Kupunguza asilimia 30 ni kuzidisha kwa 0.70, kwa sababu zimebaki sehemu 70 za mia. Ukiongeza kisha ukapunguza, zidisha 1.30 kwa 0.70. Jibu ni 0.91: umebaki na asilimia 91 ya ulichoanza nacho. Kosa linajitokeza lenyewe, bila maelezo.

Namba hizo zinajibu pia swali ambalo watu huliuliza kwa matumaini: je, nikianza kwa kushusha halafu nikapandisha, nitapona? Hapana. 0.70 mara 1.30 ni 0.91 ileile. Doti ya 10,000 ikishushwa kwa asilimia 30 inakuwa 7,000, na 7,000 ikipandishwa kwa asilimia 30 inakuwa 9,100. Mpangilio haubadilishi kitu, kwani kuzidisha hakujali kipi kimetangulia. Safari hii kilichokupunja ni ongezeko lenyewe, kwa kuwa limepimwa kwenye kiasi kilichokwisha kupungua.

Sababu ya kosa hili kudumu miaka nenda rudi ni kwamba kwenye asilimia ndogo halionekani. Ukipandisha kwa asilimia 5 na kushusha kwa 5, unapoteza robo ya asilimia moja, na kwenye bidhaa ya shilingi 2,000 hiyo ni shilingi 5, isiyo na mtu wa kuidai. Kwa asilimia 10 unapoteza asilimia 1. Lakini kwa 20 unapoteza 4, kwa 30 unapoteza 9, na kwa 50 unapoteza robo nzima. Asilimia ikiongezeka maradufu, hasara inaongezeka mara nne. Anayezoea kupuuza tofauti kwenye viwango vidogo huibeba tabia hiyo hadi kwenye punguzo kubwa la mwisho wa msimu, na hapo ndipo mtaji unapotoboka.

Ukitaka kurudi ulipotoka, usitoe; gawanya. Kilichozidishwa kwa 1.30 hurudishwa kwa kugawanywa kwa 1.30. Kwa anayepiga hesabu kichwani mbele ya mteja, ipo njia ya sehemu ambayo haihitaji kikokotoo. Ukiongeza kwa robo, kilichopo sasa ni robo tano, na ile uliyoongeza ni moja kati ya hizo tano. Kwa hiyo ili kurudi unatoa sehemu moja ya tano, yaani asilimia 20. Ukiongeza kwa theluthi, unarudi kwa kutoa robo. Ukiongeza kwa nusu, unatoa theluthi. Ukiongeza mara moja nzima, bei ikawa maradufu, unatoa nusu. Na ukianza kwa kushusha, unageuza: kilichopungua kwa sehemu ya tano hupona kwa kuongezwa robo.

Hili la kushusha kwanza linagusa zaidi mishahara kuliko maduka. Mfanyakazi wa shilingi 800,000 kwa mwezi anaambiwa kazi zimepungua, mshahara utakatwa kwa asilimia 20. Anabaki na 640,000. Hali ikitengemaa, mwajiri anatangaza kwa nia njema kabisa kwamba atawaongeza wafanyakazi asilimia 20 ili warudi kama zamani. Asilimia 20 ya 640,000 ni 128,000, na mshahara mpya ni 768,000. Zimepungua 32,000 kila mwezi, ambazo kwa mwaka ni 384,000, karibu nusu ya mshahara wa mwezi mmoja. Ongezeko sahihi ni asilimia 25, kwa sababu 160,000 zilizokatwa ni robo ya 640,000. Anayejadiliana na mwajiri katika hali hiyo asikubali barua iandikwe kwa asilimia. Iandikwe kiasi: mshahara utarudi kuwa shilingi 800,000. Kiasi kamili cha fedha hakina mlango wa kutokea tafsiri mbili.

Turudi dukani, maana kuna mkanganyiko mwingine unaotoka kwenye mzizi huohuo. Watu wawili wanaweza kuitazama doti moja ya khanga, mmoja akasema faida ni asilimia 30 na mwingine akasema ni asilimia 23, na wote wakawa wa kweli. Wa kwanza anaipima faida ya 3,000 kwenye bei ya kununulia, wa pili anaipima kwenye bei ya kuuzia. Wafanyabiashara wengi wa rejareja huongea kwa namna ya kwanza, kwa kuwa wao huanza na bei waliyonunulia na kuongeza juu yake. Wahasibu na benki, wakisoma hesabu za duka, hulinganisha faida na mauzo, na hivyo huongea kwa namna ya pili. Mkianza kujadiliana kuhusu ubia au mkopo bila kutaja mnapima kwenye bei ipi, mtaachana kila mmoja akiamini mwenzake hajui hesabu.

Namna ya pili ina faida moja ambayo mwenye duka anapaswa kuishika. Faida inayopimwa kwenye bei ya kuuzia ndiyo hasa punguzo la juu kabisa unaloweza kutoa bila kugusa mtaji. Punguzo hupimwa kwenye bei ya kuuzia, na faida hiyo nayo imepimwa hapohapo, kwa hiyo zinaweza kulinganishwa moja kwa moja. Doti yenye faida ya asilimia 23 ya bei ya kuuzia inavumilia punguzo la 23 na si zaidi. Ningekuwa naanza duka leo, ningeandika kwenye daftari la mali, kando ya kila bidhaa, safu ya mwisho yenye namba hiyo. Mteja anapoomba apunguziwe, unatazama safu hiyo, si kumbukumbu ya ulivyopandisha.

Na hapa ndipo kikokotoo kinapoweza kukuumiza. Vikokotoo vya mezani vina kitufe cha asilimia, na si vyote vinavyokitafsiri sawa. Bonyeza 100, kisha alama ya kujumlisha, kisha 25, kisha %. Kwenye baadhi, jibu ni 125. Kwenye vingine jibu ni 133.33. Hicho cha pili si kibovu. Kimeundwa kwa ajili ya anayetaka faida iwe asilimia 25 ya bei ya kuuzia, kwa hiyo kinagawanya 100 kwa 0.75. Ukiangalia, theluthi ya 100 ni 33.33, na 33.33 ni robo ya 133.33, sawasawa na ile njia ya sehemu. Ila wewe uliyekusudia kuongeza robo umeongeza theluthi, na wateja wanakwenda duka la jirani kwa sababu usiyoijua. Fanya jaribio hilo mara moja kwenye kila kikokotoo kilichopo dukani, hasa kama vipo viwili na wauzaji wawili. Au achana na kitufe hicho kabisa na uzidishe kwa 1.25, kwani kuzidisha hakuna tafsiri mbili.

Kugawanya badala ya kutoa kunahitajika pia kwenye kodi ya ongezeko la thamani, ambayo risiti huiita VAT. Tanzania Bara kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Tuseme umelipia bidhaa shilingi 118,000, kodi ikiwa ndani yake, na unataka kujua bei kabla ya kodi. Wengi huchukua asilimia 18 ya 118,000, ambayo ni 21,240, wakatoa na kupata 96,760. Bei halisi kabla ya kodi ni 100,000, na kodi ni 18,000. Kodi ilipigwa kwenye 100,000, si kwenye 118,000. Kuitoa kwa asilimia ileile kutoka kwenye kiasi kilichovimba ni kosa la punguzo la khanga kwa sura nyingine. Gawanya 118,000 kwa 1.18 na utapata jibu. Kama shaka ingalipo, lithibitishe kwa kulirudisha: 96,760 ukiiongezea asilimia 18 inakuwa 114,176 na senti kadhaa, wala haifiki 118,000. Uthibitisho huu wa kurudisha ndio kinga bora ninayoijua. Kila ukitoa asilimia iliyokuwa imeongezwa, iongeze tena kwenye jibu kwa kuzidisha na uone kama unafika ulipotoka.

Kodi hiyohiyo nchini Kenya inatupa mfano mzuri wa namna badiliko moja linavyoweza kutajwa kwa namba tatu, zote sahihi. Aprili 2020, wakati wa janga la Korona, serikali ilishusha kiwango kutoka asilimia 16 hadi 14. Tarehe 1 Januari 2021 kiwango kikarudi 16. Kiwango kilishuka kwa pointi 2 za asilimia. Hiyo ni tofauti tupu ya namba mbili. Ukikipima kiwango chenyewe, kilishuka kwa asilimia 12.5, kwa sababu 2 ni moja ya nane ya 16. Lakini bidhaa ya shilingi 1,000 kabla ya kodi ilitoka 1,160 hadi 1,140, na mnunuzi akapata nafuu ya shilingi 20 katika 1,160, ambayo ni asilimia 1.7 hivi. Anayetaka kusifu hatua ile anaweza kuchagua 12.5, anayetaka kuibeza akachagua 1.7. Na kiwango kiliporudi, kilipanda kwa asilimia 14.3, maana sasa 2 inapimwa kwenye 14. Unaposikia kwenye habari kwamba kodi, riba au mfumuko wa bei umepanda kwa asilimia 2, uliza kama ni pointi au ni asilimia mbili ya kiwango kilichokuwepo. Riba ikitoka 16 hadi 18 imepanda pointi 2. Ikipanda asilimia 2 ya 16, imefika 16.32 tu. Kwa mwenye mkopo, hizo ni habari mbili tofauti kabisa.

Ubadilishaji wa fedha nao una ncha mbili, na huko watu wazima wenye elimu zao hukosea kila siku. Mwishoni mwa 2022 dola moja ya Marekani ilikuwa takriban shilingi 123 za Kenya. Mwanzoni mwa 2024 ilifika takriban 160. Dola ilikuwa imepanda kwa asilimia 30: tofauti ya 37 ukiigawanya kwa 123. Wengi wakasema basi shilingi imeshuka asilimia 30. Haikushuka hivyo. Shilingi 1,000 zilizokuwa zikinunua dola 8.13 sasa zilinunua dola 6.25, upungufu wa asilimia 23. Ni jozi ileile ya khanga, 30 kwa 23, na si ajabu, kwa sababu thamani ya shilingi kwa dola ni thamani ya dola kwa shilingi iliyopinduliwa, na kupindua ni kugawanya.

Baadaye mwaka huohuo shilingi iliimarika na dola ikashuka hadi karibu 129. Kutoka 160 hadi 129, dola imeshuka kwa asilimia 19 na ushei, nayo shilingi imepanda kwa asilimia 24. Hapo ungeweza kusikia mtu akisema shilingi ilishuka 23 ikapanda 24, basi sasa ina nguvu kuliko ilivyokuwa 2022. Sivyo, dola ilikuwa 123, ikaishia 129. Zidisha 0.77 kwa 1.24 na utapata karibu 0.955: shilingi ilikuwa bado chini kwa asilimia 4 na nusu hivi. Ilihitaji kupanda kwa asilimia 30 ili irudi. Kwa muagizaji wa vipuri anayepanga bei, tofauti kati ya kuamini 24 imetosha na kujua bado haijatosha ndiyo tofauti kati ya faida na kuuza kwa hasara bila kujua.

Hesabu hizi zina mpaka wake. Asilimia ya badiliko inahitaji kiasi cha kuanzia kilicho kikubwa kuliko sifuri. Biashara isiyouza kitu mwezi wa kwanza na kuuza 500,000 mwezi wa pili haina ongezeko la asilimia linaloweza kutajwa, kwa kuwa huwezi kugawanya kwa sifuri. Iliyoanza na mauzo ya 10,000 ikafika 50,000 imepanda kwa asilimia 400, namba kubwa iliyozaliwa na udogo wa mwanzo kuliko ukubwa wa mwisho. Na biashara iliyotoka hasara ya 200,000 hadi faida ya 300,000 ukiiingiza kwenye njia ya kawaida itakupa alama ya kutoa, kana kwamba mambo yamezorota. Katika hali kama hizo acha asilimia na utaje kiasi cha zamani na kiasi kipya vilivyo, kwa shilingi: mwaka jana hasara ya 200,000, mwaka huu faida ya 300,000.